Tumeelewana?

Nilikuwa nimechoka kurudia hesabu za kujumlisha sehemu, nusu na robo kila siku, ndipo nikaamua darasa la tano wafundishane wenyewe. Kwenye andalio la somo niliandika vizuri: wanafunzi watano wanaolijua somo, kila mmoja na kundi lake, na mimi nitazunguka nikisikiliza. Jana yake niliwabakiza hao watano, wakanieleza mmoja mmoja mpaka nikaridhika. Mwalimu mwenzangu aliyehamia kutoka Ruangwa alinitazama tu, akacheka.

Asubuhi nikaanzia kundi la dirishani. Binti niliyemwamini kuliko wote alikuwa amesimama, mkono mmoja kiunoni, mwingine unagonga dawati kwa rula.

“Tumeelewana?”

“Ndiyooo!” wakaitikia wenzake, naye akaandika swali jingine.

Nilichuchumaa kando ya mvulana mmoja, nikamnong'oneza: nusu jumlisha robo?

“Mbili ya sita,” akajibu bila wasiwasi wowote.

“Sasa mbona umeitikia ndiyo?”

“Mwalimu, ukisema hujaelewa, anarudia yale yale kwa sauti kubwa.”

Damu ikanichemka. Nikamvuta binti pembeni, nikamwambia asiulize kama wameelewa. Awape swali, wao ndio wamweleze yeye walivyolifanya. Akanisikiliza kwa adabu, macho yameduwaa. Ilikuwa wazi hajanipata.

Nikarudia yale yale, safari hii kwa sauti kubwa, rula yake mkononi mwangu.

“Tumeelewana?”

Darasa zima, hata makundi ambayo sikuyauliza, likaitikia: “Ndiyooo!”