Umri wa Moyo wa Mama

Wazazi wangu walikuwa wametimiza miaka sitini wote wawili daktari alipowaruhusu kufanya mazoezi, nikawapeleka jimu moja pale Sparkhill. Mwalimu, mwanamke mpole, aliwafunga kifuani mikanda ya kupima mapigo. Akachukua mia mbili na ishirini, akatoa umri wao, akaniambia kwa Kiingereza niwatafsirie: mioyo yao mwisho wake ni mapigo mia na sitini kwa dakika.

Mama akapanda mashine ya kukimbilia na mtandio wake kichwani. Mapigo yakafika mia na sabini na nane, naye bado anasimulia harusi ya watu. Mwalimu akaisimamisha mashine.

Baba akapiga hesabu kinyumenyume, akacheka. "Miaka arobaini na miwili. Nilijua tu pasipoti yake imekosea." Kizazi chao, tarehe za kuzaliwa kwenye pasipoti nyingi zilikuwa za kukisia.

Nilipomtafsiria, mwalimu akasema pasipoti haina kosa. Hesabu ile ni wastani wa watu wengi. Mtu mmoja anaweza kuizidi au kuipungukia kwa mapigo ishirini, na awe mzima kabisa.

Ikaja zamu ya Baba. Alikimbia mpaka akashindwa kutamka neno, na mapigo hayakupita mia na arobaini. Mwalimu akauliza kama anatumia dawa za kuyapunguza. Hatumii.

Mama naye akapiga hesabu. Kisha akamshika mkono kumteremsha.

"Themanini," akasema. "Shuka taratibu, babu. Mkeo bado kijana."