Kijiko Kimoja cha Mlonge

Niliuza unga wa mlonge na wa ubuyu Kariakoo kwa miaka tisa, na mdomo wangu ulikuwa mtamu kuliko bidhaa. Lebo nilichapisha mwenyewe: mlonge una vitamini C mara saba ya chungwa. Mteja akiuliza atumie kiasi gani, nilimwambia kijiko kimoja cha chai asubuhi, na kwamba hata mimi natumia hivyo hivyo. Hapo sikudanganya.

Nilitumia kwa sababu damu ilikuwa imeniishia. Nilikuwa na uvimbe kwenye kizazi, nikiingia mwezini navuja siku kumi, na daktari alisema hanipasui mpaka wingi wa damu ufike kumi. Nilikuwa na saba na kitu. Akaniandikia vidonge vya madini chuma. Vikanifunga choo, vikanitia kichefuchefu, nikavitupa kabatini, maana niliona aibu kumeza dawa za watu na mimi ninazo zangu. Miezi miwili nikakoroga kijiko changu kwenye chai ya rangi, nikala na kipande cha mkate nimesimama, nikaenda kufungua biashara. Niliporudi kupima, damu ilikuwa imeshuka zaidi.

Nikapelekwa kwa afisa lishe, binti wa rika la mwanangu wa mwisho. Aliniamkia, akanisikiliza, kisha akaomba auone huo unga. Pakiti haikosi kwenye mkoba wangu. Akachota kijiko kama ninavyochota mimi, akakimwaga kwenye mzani mdogo. Gramu mbili na nusu.

Akanieleza taratibu, bila kunicheka. Mlonge ni chakula kizuri na chuma kimo, ila kwenye kijiko kile hakifiki hata miligramu moja, na mwanamke wa umri wangu anahitaji kama kumi na nane kwa siku, sembuse mimi ninayevuja. Hicho kidogo cha kwenye majani mwili unakichukua kwa shida, na mimi nilikuwa nakikoroga kwenye chai, ambayo inauzuia usikichukue. Lebo yangu nayo aliisoma. Hesabu ile ni ya majani mabichi, gramu kwa gramu, si kijiko kwa chungwa zima, na yakishakaushwa vitamini hiyo nyingi inapotea. Ubuyu aliusifu kidogo: vijiko viwili vikubwa kwenye maji ya baridi, vinywewe pamoja na chakula, vinausaidia mwili kuchukua chuma.

Nilikasirika. Nilijiona tapeli, tena wa kwanza kutapeliwa ni mimi.

Akauliza nakula nini nyumbani. Nikamtajia dagaa, maini, maharage, mchicha wa nazi. Kilikuwa chakula cha nyumba yangu ya zamani, mume wangu akiwa hai na watoto wakigombea ukoko. Akaandika vyote, halafu akainua uso.

"Jana mama ulikula nini?"

"Chai."

"Na jioni?"

Nikaanza kufunga mkoba wangu. Akaifunika ile pakiti.

"Unga wako hauna kosa, mama. Umeupa kazi ya sahani nzima."

Ndiyo ilikuwa kweli yenyewe, na sikuwa nimeisema hata kimoyomoyo. Mume kafariki, watoto wote wawili wako Maskati, na mimi nilishindwa kuwasha jiko kwa ajili ya mtu mmoja. Kijiko kile kilinipa ruhusa ya kutopika.

Nikarudi kwenye vidonge, safari hii baada ya kula, na chai nikaisogeza mbali na mlo. Lebo nikazibandua, na wateja wakapungua kama nilivyotarajia. Nikanunua sufuria ndogo kuliko zote dukani. Muuzaji akauliza kama ni ya uji wa mtoto, nikamwambia ndiyo. Humo nikawa napika fungu zima la majani mabichi ya mlonge na dagaa, nakaa chini, namaliza. Siku za mwanzo nilikula nikilia, na sijui kama nilikuwa nalilia chakula au watu wa kula nao.

Baada ya miezi minne damu ikafika kumi nukta mbili. Nilitoka maabara nimeshika ile karatasi, nikitafuta wa kumwonyesha. Nesi aliyekuwa kwenye dirisha la upasuaji akanipongeza, akanipangia tarehe, akanipa fomu. Ilitaka majina na namba za simu za ndugu wawili watakaokuja kuchangia damu, iwe tayari siku ya upasuaji.

Nilikaa na kalamu kwenye benchi mpaka akatoka, akainama, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nahitaji wa kunisomea.

Nikamwambia kusoma najua.

"Sina wa kumwandika," nikasema.