Kibuzi Aliyekwenda Kuchomwa Sindano

Kila ninapoisikia harufu ya spiriti, namkumbuka mdogo wangu Zuhura, wa miaka mitatu, kajificha uvunguni mwa kitanda nyumbani kwetu Bagamoyo.

Hakuogopa bure. Bibi yetu alikuwa na kitisho kimoja kwa kila kosa: "Ukilia, nakupeleka kwa daktari akudunge sindano." Basi kifaduro kikaingia mtaani, na mtoto wa jirani akawa anakohoa hadi anakosa pumzi. Mama akataka Zuhura achanjwe upesi. Mara ya kwanza Bibi alimdanganya kwamba wanakwenda kununua visheti. Zuhura alipoiona sindano alirusha mateke hata nesi akashindwa, wakarudi naye bila chanjo. Njia ya mwongo ni fupi.

Mimi, wa miaka tisa na msemaji kuliko umri wangu, nikaomba nijaribu kumtoa uvunguni. Nikalala kifudifudi kando ya kitanda.

"Paukwa," nikasema.

Kutoka uvunguni, kwa sauti ndogo: "Pakawa."

"Palikuwa na kibuzi mdogo. Alikwenda zahanati na mama yake. Nesi akaitoa sindano ya kioo kwenye maji yaliyochemka, kwa koleo, akaiacha ipoe. Akavuta dawa chupani, akasukuma hewa itoke, tone moja likachungulia nchani. Akampangusa kibuzi paja kwa pamba yenye spiriti, baridi kweli. Kibuzi akapakatwa na mama yake, akalegeza mguu, akasema meee, na kabla meee haijaisha, sindano imeshatoka."

"Iliuma, dada?"

"Iliuma. Kama siafu."

"Akalia?"

"Kidogo. Halafu akaishika pamba mwenyewe, akaikandamiza bila kusugua."

Zuhura akatoka, kajaa vumbi, akataka nianze upya. Nilirudia mara saba, na siku ile nilimchukia yule kibuzi.

Kesho yake zahanati ilijaa watoto wanaolia. Zuhura akapakatwa na Mama, macho hayabanduki kwenye mikono ya nesi.

"Hujatoa hewa," akamwambia.

Nesi akacheka, akainyanyua sindano. "Haya, mama, tazama hilo tone."

Zuhura akalegeza mguu, akatoa meee iliyosikika hadi barabarani. Chozi moja likamtoka, lakini pamba akaishika mwenyewe. Mtoto aliyefuata akapiga meee, na wa nyuma yake pia, na foleni nzima ikawa zizi. Nilivimba kichwa kuliko wakati wowote. Nesi akasema huenda homa ikampanda kidogo jioni, na arudi baada ya mwezi kwa sindano ya pili. Zuhura akauliza kwa nini isiwe kesho.

Kwa miaka mingi nilijigamba kwamba hadithi yangu ilimtia ushujaa. Nilipopata wanangu ndipo nilipoelewa kwamba ushujaa alikuwa nao tangu mwanzo. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kweli kwamba itauma, na kwamba itakwisha.