Perege Waliokatwa Pezi

Mpaka leo nikisikia mtu anasema hesabu ni kitu kikavu, namtazama tu. Kuna mambo mawili yaliyowahi kunifanya nisimame na kusahau nilichokuwa nakifanya. La kwanza ni mtoto wangu alipofungua macho siku ya kuzaliwa. La pili ni kujua kwamba naweza kukaa kando ya maji ya tope, nisione chochote, na bado nikaambiwa na samaki wachache tu idadi ya wenzao waliobaki humo ndani.

Mimi ni afisa uvuvi, mzaliwa wa Kibaoni. Kazi yangu huwa ni leseni, nyavu zenye macho madogo, na kugombana na watu ninaowapenda. Kiangazi kile nilipelekwa upande wa Idete, kwenye bwawa ambalo mto huliacha nyuma kila mafuriko yanapopungua. Masika bonde lote ni maji, samaki wanatembea wanakotaka. Maji yakirudi mtoni, bwawa linabaki peke yake na samaki walionaswa humo.

Zamani watu walikuwa wakisubiri lipungue, halafu wanaingia kijiji kizima na vikapu na migono, ile mitego ya kusuka, na siku moja inatosha kulimaliza. Misimu mitatu nyuma mama mmoja mwenye asili ya Mahenge, mwembamba, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo, alisema basi. Alikuwa ameona perege wa mtoni wanazidi kuwa wadogo na wachache. Alitaka waliomo bwawani waachwe wawe mbegu, masika wakatoke na maji. Wakamfanya mwenyekiti wa kamati, nadhani ili wamkomoe. Alipatana na wafugaji wa Kisukuma ng'ombe wanywe upande mmoja tu. Alinyang'anya nyavu za shemeji yake mwenyewe. Aliitwa majina ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Mwaka ule watu walichoka. Mahindi hayakuwa mazuri, na bwawa lilikuwa linarukaruka samaki kila jioni mbele ya macho yao. Mkutano ukaamua hivi: perege wakubwa wakihesabiwa na kuonekana wamezidi elfu tatu, bwawa lifunguliwe Jumamosi. Wakiwa pungufu, libaki limefungwa mpaka mvua. Mama mwenyekiti alikubali kwa kichwa. Kama wangefungua bwawa lenye samaki wachache, misimu yake mitatu ingeishia kwenye masufuria ya siku moja.

"Utawahesabuje na hawasimami?" aliniuliza mtu mkutanoni, na watu wakacheka.

Nikaomba ndoo yenye mahindi kidogo, na maharage mekundu. Nilihesabu maharage mia moja mbele yao, nikayamwaga kwenye mahindi, nikamwambia mama mmoja akoroge mpaka mkono uchoke. Kisha nikachota kikombe. Tukahesabu punje zote za kikombeni na maharage yaliyokuwemo. Kama katika kila punje ishirini harage ni moja, nikawaambia, basi ndoo nzima nayo iko hivyohivyo: maharage mia, mara ishirini. Walikaa chini wakahesabu ndoo nzima, punje kwa punje, kwa ubishi mtupu. Walipomaliza na kuona tumekosea kidogo tu, kelele ilikwisha. Nami nilisisimka kama wao, ingawa nimefanya mchezo ule mara nyingi. Sijauzoea.

Kwenye maji si rahisi kama kwenye ndoo, na hilo niliwaambia. Ndoo haina mlango. Kwa hiyo tulikagua kwanza kama ule mkondo unaounganisha bwawa na mto umekauka kabisa, tukaukuta mgumu hata jembe linaruka. Kambale tulimwacha nje ya hesabu, kwa sababu huyo majani yakilowa anatoka na kwenda zake kwa kujiburuta. Tukabaki na perege. Tulivuta wavu, tukakata ncha ya pezi la tumboni la kila mkubwa tuliyempata, perege mia mbili. Pezi lililokatwa huota tena, lakini si kwa wiki moja. Wengine tuliwaweka kwanza kwenye kizimba cha wavu tuone kama jeraha linawaua. Wote waliamka wazima. Tukawaachia kuzunguka bwawa zima, hapa wachache na pale wachache, wakachanganyike na wenzao.

Mama mwenyekiti akapita nyumba kwa nyumba na sauti yake: aliyekatwa pezi ni wa hesabu ya afisa, mtu asimguse.

Wiki iliyofuata tukarudi. Wavuvi wa kamati waliingia na mitumbwi na nyavu, kila mmoja pembe yake, ili tusichote kikombe chetu sehemu moja tu. Mimi nilikaa ukingoni na mabeseni ya maji. Wanaleta, nawageuza tumbo mmoja mmoja, naangalia pezi, nawarudisha majini upande wa pili uliozungushiwa wavu. Asubuhi yote nilikuwa nageuza. Pezi zima, pezi zima, pezi zima. Mikono ilinuka mpaka kwenye viwiko.

Tulipomaliza walikuwa perege mia mbili na arobaini, na wenye alama walikuwa wanne.

Nilirudia hesabu mara mbili kwenye simu. Mia mbili niliowatia alama, wanne tu wamerudi katika mia mbili na arobaini. Maana yake katika kila sitini, wangu ni mmoja. Elfu kumi na mbili.

Nilitazama yale maji, na nakiri nilijawa na furaha ya kitoto. Elfu kumi na mbili, chini ya tope lile, ndani ya bwawa ambalo ukipiga kelele mtu wa upande wa pili anakujibu! Karani wa kamati alichungulia simu yangu, akapaza sauti kabla sijamzuia. Vigelegele vikapigwa. Kuna mama aliyeondoka mbio kwenda kutafuta kikapu chake, kana kwamba Jumamosi ni saa hiyo.

Mama mwenyekiti hakupiga kigelegele. Alifunga kanga yake vizuri kiunoni.

"Kama ni wengi hivyo, basi nilikuwa nawanyima watu bure," aliniambia taratibu. "Nitalifungua mwenyewe."

Kulikuwa na kitu kinanikera na sikujua ni nini. Bwawa lile halikuwa na ukubwa wa kubeba samaki wote hao. Lakini mimi si wa kubishana na namba kwa sababu tu sijaipenda. Nikaanza kujiuliza ndoo yetu imetoboka wapi. Mwari, wale ndege wala samaki, walikuwa wachache, wasingeweza kula waliotiwa alama karibu wote na kuwaacha wengine. Pezi haliwezi kuota kwa wiki.

Hapo ndipo alipokuja mzee mmoja mvuvi, Mndamba wa hapohapo, suruali imelowa mpaka mapajani, uso umejaa bashasha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukutoa wasiwasi. Wako wazima kabisa, wale wako. Mimi peke yangu nimewashika kama kumi na tano."

"Uliniletea?"

"Nikuletee vipi? Si ni wako tayari! Nimewarudisha majini, tena taratibu, wasiumie."

Nikawageukia wenzake. Wote walitikisa kichwa kukubali, na wote walikuwa na uso uleule wa mtu anayengoja kushukuriwa. Kila mmoja aliyeona pezi limekatwa alimtoa samaki kwenye wavu na kumwachia. Wale wanne walionifikia walipita kwa sababu alama zao hazikuonekana.

Mto ule una adabu yake. Mgono unakaa majini usiku kucha bila mlinzi, na mtu anayepita na mtumbwi, hata kama nyumbani hakuna mboga, haingizi mkono kwenye mgono wa mwenzake. Samaki aliyekwisha kushikwa na mtu ana mwenyewe. Alama yangu waliisoma hivyo, na tangazo la mama mwenyekiti likawathibitishia. Ndoo yangu ilikuwa imekorogwa vizuri, kikombe kikachotwa vizuri, kisha watu waungwana wakaokota maharage karibu yote mekundu na kuyarudisha ndooni kabla sijahesabu.

Nilikaa chini kwenye matope. Nilitaka kucheka, na machozi yalikuwa karibu zaidi. Maishani mwangu sijawahi kulindiwa kitu namna ile, na watu wenye njaa, wakati kila samaki waliyemwachia alikuwa anawatosha chakula cha jioni.

Kuwaambia ilikuwa shughuli. Nilisimama, nikasema namba ile si ya kweli, tunarudia. Yule mama wa kikapu, aliyekwisha kurudi nacho, aliniambia maneno makali na nilimwelewa. Mzee mvuvi alinisogelea.

"Yaani ningekosa adabu, hesabu ingekuwa sawa?"

"Ndiyo, mzee."

"Kazi yenu ngumu," akasema.

Tuliliacha bwawa lipumzike siku kadhaa, samaki wasahau nyavu na wachanganyike tena. Mara hii nilizungumza na kila mvuvi peke yake: kila kinachoingia wavuni kije kwangu, chenye alama na kisicho na alama. Mzee alileta wake wa kwanza amemshika kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha kitu alichosingiziwa kuiba. Tulisimama kwenye mia mbili na arobaini, ileile. Waliokatwa pezi walikuwa thelathini na nane.

Elfu moja na mia mbili na kidogo. Nilisema mbele ya wote kwamba inaweza kupungua au kuzidi mia chache, lakini elfu tatu haifiki kwa namna yoyote.

Vikapu vilirudi nyumbani vitupu, na kurudi kwake kuliniuma. Mama mwenyekiti alikwenda mpaka kwenye maji, akainama, akanawa uso. Alipoinuka sikuweza kujua ni maji gani yanayomtiririka.

Masika yalikuja na nguvu zake. Bwawa likapotea ndani ya mto, sehemu moja ya maji yasiyo na ukingo. Nilikuwa Kibaoni nikianika nguo zilizokataa kukauka simu ilipoita. Alikuwa yule mzee, na nyuma yake nilisikia maji.

"Mwanangu, niko mtoni, mbali kabisa na bwawa. Nimempata perege mnene hapa, pezi la tumboni limeota kwa mkunjo. Ni wako huyu."

Niliitupa nguo begani. Mmoja kati ya mia mbili, katika maji yote yale ya bonde, amekwenda kuingia kwenye wavu wa mtu pekee ambaye angenipigia simu.

"Hesabu imekwisha, mzee," nikamwambia. "Huyo ni wa kwako. Kamle."

Nikasikia chubwi, samaki akirudi majini.

"Ana mayai," akasema. "Mama mwenyekiti angeniua."