Aliyemwosha Mume Wangu

Mume wangu alikuwa hamali wa gati ya Wete. Mwaka mmoja wa mavuno makubwa, muda si mrefu baada ya vita, magunia ya karafuu yaliyokuwa yakiteremshwa kwa kamba kwenye tishari, mashua ya kupeleka shehena melini, yaliyumba yakampiga kifua. Hakuanguka. Alishika ukingo wa tishari, akamwambia nyapara kuwa ameumia, nyapara akamwambia akae kidogo apumzike. Akakaa, akarudi kazini mpaka adhuhuri, kisha akaja nyumbani kwa miguu yake mwenyewe. Miguu ile ilikuja kutuponza.

Alipofika alijifunga shuka kifuani, akalala ubavu mmoja. Nilitaka kuifungua nimkande kwa maji moto, akautoa mkono wangu. Nilimwambia twende hospitali. Akasema hospitali huenda wagonjwa, yeye kagongwa tu. Siku ya tatu, kabla ya alfajiri, alitema damu mara mbili akafa. Kaka yake akaja kutoka Wingwi, akamwosha, na baada ya sala ya adhuhuri tukawa tumeshamzika.

Tajiri wa matishari alileta mchele na sukari matangani. Watu walimsifu sana, na mimi pia nilimsifu, Mungu anisamehe.

Nikaingia eda. Miezi minne na siku kumi nimekaa ndani, sitoki, sionani na mwanamume asiye maharimu wangu, nina mabinti wawili na ukuta wa kuutazama. Huko ndani ndiko nilikosikia kuwa kuna sheria mpya ya serikali: mtu akifa kwa ajali ya kazi, aliyemwajiri huwalipa fidia wanaomtegemea. Habari ile ilinikaa rohoni. Mama mkwe alikuwa ameshaniambia, kwa upole kabisa, kwamba eda ikisha watoto watakwenda Wingwi kwa baba yao mkubwa, kwa sababu mimi sina shamba wala kaka. Hakusema uongo. Lakini nikipata fidia ningebaki na nyumba yangu na wanangu. Sikutaka kitu kingine duniani.

Nilimtumia ujumbe shemeji yangu wa Wingwi aende kwa tajiri. Akaenda. Tajiri akamwambia ripoti ameshaipeleka kwa Bwana Disii, mkuu wa wilaya, kama sheria inavyotaka, tusiwe na wasiwasi. Tukatulia. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na mimi nilingoja miezi minne nikidhani karatasi yangu inatembea.

Eda ilipokwisha nilikwenda mwenyewe afisini. Karani alikuwa mtu wa Unguja, kijana wa adabu, shati lake jeupe limepigwa pasi. Akatoa faili, akanifasiria ripoti ya tajiri neno kwa neno. Marehemu alipata pigo dogo. Aliendelea na kazi. Aliondoka kwa miguu yake. Baadaye tajiri alisikia kuwa amekufa nyumbani kwa homa.

"Homa kaambiwa na nani?" nikamuuliza.

"Anasema aliambiwa matangani."

Kwetu Pemba kila ugonjwa ni homa mpaka ujulikane mwingine. Pengine mimi mwenyewe ndiye niliyesema.

"Na madai yako yako wapi, bibi?" karani akaniuliza.

Nikamwonyesha faili kwa kidole. Akatikisa kichwa.

"Hii ni ripoti ya mwajiri. Taarifa ya ajali nayo haina tatizo, kwani nyapara aliambiwa palepale na tajiri amekiri. Lakini taarifa si madai. Madai unaleta wewe mtegemezi, kabla haijatimia miezi sita tangu alipokufa."

"Mbona hatukuambiwa?"

"Ulimtuma mtu akaulize?"

"Nilimtuma kwa tajiri."

Karani hakucheka, na nilimshukuru kwa hilo. Ilibaki chini ya miezi miwili. Aliniandikia madai siku ileile: jina la marehemu, kazi yake, siku ya ajali, siku ya kufa, mimi na watoto. Nikatia saini kwa herufi za Kiarabu nilizofundishwa chuo cha Kurani. Akanieleza kuwa tajiri akikubali, fidia itawekwa mahakamani tugawiwe. Akikataa, hakimu atatusikiliza, na hakimu atataka kujua jambo moja, kwamba kilichomuua ni pigo lile. Akanipa fomu ya daktari. Nilitoka pale nimefurahi. Nilinunua visheti vya watoto njiani.

Tajiri alikataa. Daktari wa hospitali ya Wete, Mhindi wa makamo, aliishika fomu yangu, akaisoma, akairudisha mezani.

"Bibi, mimi sikumwona akiwa hai wala akiwa maiti. Hapa wanauliza sababu ya kifo. Niandike nini?"

Nilimweleza damu, nilimweleza shuka.

"Mimi nakuamini," akasema. "Lakini wewe ndiye unayedai, na kifua hukukiona. Nani alimwosha?"

Nikamwambia.

"Basi huyo ndiye shahidi wako. Kama aliona uvimbe, au ubavu uliobonyea, aje aseme mbele ya hakimu. Mimi nitakuja kusema kuwa pigo la namna hiyo huweza kuua mtu siku ya tatu."

Nilikwenda Wingwi siku ya pili yake, kwa miguu, jua kali. Shemeji yangu alikuwa akipalilia muhogo. Alikuwa mtu mzima kuliko mume wangu, ana watoto saba, chakula chake hakitoshi hata hao saba. Nasema hivi kwa sababu watu wengi baadaye walisema alitaka kunichukulia watoto. Hakuwa na haja nao. Kila mdomo mpya ulikuwa hasara kwake.

Nilipomaliza kumweleza aliweka jembe chini.

"Shemeji, mie ni muosha. Muosha hasemi alichokiona."

"Ubavu uliovunjika si aibu. Anayesitiriwa ni mwenye aibu."

"Weye wajuaje kuwa ni ubavu?"

"Ndiyo nakuuliza."

"Usinulize. Nshamsitiri ndugu yangu, na mie nataka Mungu anisitiri."

Nilikasirika nikamwambia maneno ambayo mke wa marehemu hamwambii kaka wa marehemu. Nilimwambia anamwogopa tajiri. Nilimwambia mdomo wake ukifungwa, wanangu watakosa cha kutia midomoni. Akaokota jembe lake. Mkewe aliniletea maji, nikakataa kuyanywa, na nilirudi Wete nikiwa na kiu kwa ujeuri wangu.

Nilimwendea mzee wa mtaani aliyekuwa akimmiminia shemeji maji wakati wa kuosha. Akasema aligeuza uso, kama inavyopasa. Nikabaki kumlilia mama mkwe. Yeye alilia pamoja nami, kisha akamtumia mwanawe ujumbe kwamba asipokwenda mahakamani hana radhi yake. Radhi ya mama si kitu cha kuchezea. Siku ya kesi shemeji yangu alikuwapo barazani kabla yangu, amevaa kanzu ya Idi.

Ndani tajiri alisema yaleyale ya ripoti. Nyapara alisema ndiyo, aliambiwa, lakini pigo lilikuwa la kawaida, mahamali hugongwa kila siku. Dua la kuku halimpati mwewe, na nyapara yule alikuwa bado anakula kwa mwewe. Mimi nilisema nililoliona. Hakimu, Mzungu mwembamba, aliandika yote bila ya kuinua kichwa. Daktari akasema kama alivyoniahidi: akithibitishiwa kuwa ubavu ulivunjika, kifo kile anakifahamu.

Kisha akaitwa shemeji. Karani alikuwa mkalimani.

"Wewe ndiye uliyemwosha marehemu?"

"Ndiye mie."

"Utaapa kusema kweli, kweli yote?"

Msahafu uliletwa. Shemeji yangu aliutazama, asinyooshe mkono.

"Kweli yote siwezi, bwana."

Hakimu akauliza kama anakataa kuapa. Karani akamfasiria, akaongeza kwa sauti ya chini kuwa kukataa kunaweza kumtia ndani.

"Nifungeni," akasema shemeji. "Muosha hasemi."

Watu walinong'ona. Nilimwona tajiri akitazama viatu vyake, hata yeye hakupenda kuona vile. Hakimu aliweka kalamu chini, akasema hatamfunga mtu kwa ajili ya dini yake. Akasema pia kuwa madai yameletwa kwa wakati, na kuwa ajali ilitokea kazini, hilo hana shaka nalo. Lakini hakuna ushahidi kwamba marehemu alikufa kwa ajali hiyo, na aliyedai ndiye anayepaswa kuthibitisha. Madai yakafutwa. Karani alinifasiria taratibu, akirudia sehemu nyingine mara mbili, kana kwamba naweza kufahamu vyengine nikiambiwa tena.

Nilitoka nikamkuta shemeji kwenye njia ya mikarafuu. Alikuwa ananingoja. Nilitaka kupita, akasema, "Ngoja."

Nikasimama, sikumtazama.

"Ubavu niliuona," akasema. "Wa kulia, mbavu mbili zimevunjika. Nilipopitisha nkono na sabuni ulizama ndani."

Nilimuuliza kwa nini hakusema hivyo, maneno hayo hayo tu, kule ndani.

"Wanataka kweli yote. Ningeapa, wangeniuliza kila kitu, na kiapo ni kiapo. Na si ubavu tu nilioona."

"Umeona nini chengine?"

Alitingisha kichwa. Nikamshika kanzu, mimi mwanamke, njiani, mchana, watu wakipita. Nikamwambia huyu alikuwa mume wangu, nimelala naye miaka tisa, hakuna kitu mwilini mwake nisichostahiki kukijua. Alinitazama kwa huruma ambayo mpaka leo inanichoma kuliko hukumu.

"Ndiyo maana sikwambii," akasema, akautoa mkono wangu kwenye kanzu yake taratibu.

Nimelifikiria neno lile miaka mingi. Mara nyingine nahisi ilikuwa maradhi ambayo nilipaswa kuyajua. Mara nyingine nahisi ni alama aliyoachiwa na mtu mwingine, mahali pengine, wakati mwingine. Mara nyingine nahisi hapakuwa na kitu, na shemeji yangu alibuni tu ili nisimchukie kwa ajili ya ubavu tu, na hilo ndilo ninaloomba liwe kweli. Lakini siku ninapoiwaza ile alama, sina amani hata ya kumsomea marehemu Fatiha kama inavyofaa.

Mwezi uliofuata alikuja na punda kuwachukua wanangu. Nilifunga nguo zao katika kanga yangu mwenyewe. Mdogo alilia, mkubwa hakulia. Shemeji yangu aliwapandisha kwa upole, akamwekea mdogo jani la mgomba la kujikinga na jua. Aliwalea vizuri, sina haki ya kusema vyengine. Walikulia Wingwi, kwa mtu aliyemjua baba yao kuliko nilivyomjua mimi.