Asali ya 616

Kwa miaka kadhaa nilikuwa mtu wa kuudhi kwa sababu ya namba tatu. Nilikuwa na duka la vyakula mjini Isiolo, hatua chache kutoka barabara kuu, na siku moja mchuuzi aliyekuwa akituletea bidhaa kutoka Nairobi alinionyesha ile mistari myeusi iliyochapwa kwenye kila pakiti. Akaniambia kwamba namba za kwanza chini ya mistari zinataja nchi. Kenya ni 616. Uturuki ni 869. Falme za Kiarabu ni 629. Nilizikariri kama mtoto anayejifunza Baba Yetu, na tangu siku hiyo hakuna mteja aliyeondoka na tambi zake kwa amani.

"Hizi zimetoka Uturuki," nilikuwa nikimwambia mama aliyetaka tu kuwapikia watoto.

"Najua," alinijibu mmoja. "Imeandikwa hapa mbele, kubwa. Nipe na chumvi."

Sikujali. Nilipenda watu waniletee pakiti zao nizitazame kwa jicho moja, kisha nitaje nchi. Mwenye duka la jirani, Msomali mpole aliyekuwa akiuza bidhaa zilezile nilizouza mimi, alisema nimeishinda redio, kwa kuwa redio angalau huzimwa. Nilicheka nikidhani amenisifu.

Hivyo ndugu yangu mdogo alipopata mchumba, na ikafika siku ya sisi kwenda kwa kina msichana, mimi ndiye niliyesema nitashughulikia asali. Kwetu Wameru asali si kitu cha kuongezea mwishoni. Mbuzi hupelekwa, ng'ombe hupelekwa, lakini asali isipokuwepo wazee hutazama paa na mazungumzo hayaanzi. Baba yetu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo mimi, kifungua mimba, ndiye niliyekuwa msemaji wa nyumba yetu.

Baba wa msichana naye alikuwa Mmeru aliyeishi Isiolo maisha yake yote ya kazi. Alikuwa amestaafu kutoka bohari ya serikali, ambako kwa miaka mingi alipokea magunia, makopo na katoni, akakataa zile ambazo hakuziamini. Alikuwa ametutumia sharti moja tu. Asali iwe ya hapa Kenya. Alisema anaweza kula ya kokote duniani akiwa kwake mezani, lakini ya kumtoa binti yake nyumbani isiwe imevuka mpaka.

Nilifurahi mno. Ni nani mwingine katika ukoo wetu angeweza kuhakikisha jambo hilo? Nilikwenda duka la jumla, nikageuza chupa moja baada ya nyingine mpaka mwenye duka akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikachagua kumi na mbili zenye picha ya mgunga na mzinga. Chini ya mistari: 616. Nikazifunga kwa utepe mwekundu.

Tulifika saa tano za asubuhi, mimi, ndugu yangu na shangazi zetu wawili. Ndugu yangu alikuwa amevaa shati jipya lililomkaba shingo na hakuwa amekula tangu jana yake. Tukasalimiana, tukaombewa, tukakaribishwa chai. Kisha chupa zikapangwa mezani, na hapo ningenyamaza, yote yangekwenda salama zaidi. Lakini sikunyamaza. Nilisimama.

"Baba," nikasema, "uliomba asali ya Kenya. Usiniamini mimi. Tazama mwenyewe hizi namba tatu. Sita, moja, sita. Hiyo ni Kenya. Haiwezi kudanganya."

Mzee alitoa miwani mfukoni, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa. Akachukua chupa. Hakutazama mistari kabisa. Aliigeuza mpaka upande wa nyuma, akaisogeza dirishani, akasoma kimoyomoyo kwa muda mrefu. Shangazi yangu mkubwa aliweka kikombe chini.

"Kijana wangu," akasema, "wewe ni mtu wa duka?"

"Ndiyo, baba."

"Na hukusoma hapa?"

Aliniwekea kidole kwenye maandishi madogo kama chawa. Yalikuwa ya Kiingereza, lakini maana yake ilikuwa wazi: imefungashwa na kampuni fulani, sanduku la posta fulani, eneo la viwanda, Nairobi. Mstari uliofuata: nchi ilikotoka, Tanzania.

Niliigeuza chupa tena upande wa mistari.

"Lakini namba, baba."

"Namba ni ya kampuni," akasema bila hasira. "Ilijiandikisha hapa Kenya, ikapewa namba ya Kenya. Ikitaka itaweka hiyo namba kwa asali, kesho kwa mchele wa Pakistan. Namba inakuambia kampuni iliandikishwa wapi. Haikuambii nyuki alilala wapi." Akamwita mkewe alete kopo la kakao kutoka jikoni. "Soma hii."

Nilisoma. Namba zilianza na 50, ambazo nilizijua vizuri, za Uingereza. Chini yake palikuwa pameandikwa kwamba imetengenezwa Afrika Kusini.

"Na hii anwani ya Nairobi?" shangazi yangu mdogo akajaribu kuniokoa. "Si hata hiyo ni Kenya?"

"Hapo ndipo chupa ilijazwa, mama," mzee akasema. "Kama nyuki wanakaa eneo la viwanda, basi mimi sijui kitu."

Upande wa wenyeji ulicheka. Hata msichana mwenyewe, aliyekuwa amesimama mlangoni na birika, aliziba mdomo kwa khanga. Ndugu yangu hakucheka. Alikuwa akinitazama jinsi mtu anavyomtazama dereva aliyemwaga abiria mtaroni, na alikuwa na haki. Mzee alisema hana ugomvi na nyuki wa Tanzania, asali hiyo ni nzuri na wajukuu wake wataila, lakini sharti ni sharti. Kaka zake walikuwa wametoka mji wa Maua, kule Meru, kwa ajili ya siku hiyo na jioni wanarudi. Nikileta asali kabla hawajaondoka, tutazungumza. Nisipoleta, turudi mwakani baada ya mavuno, kaka zake watakapopata nafasi tena.

Mwakani. Ndugu yangu alifungua kifungo cha shingoni.

Nilitoka nje bila kuaga vizuri, nikaenda moja kwa moja kwa jirani yangu Msomali. Nilitarajia anicheke. Aliuliza swali moja tu: "Kwa nini hukwenda Ngaremara?" Kuna mama Mturkana huko, akasema, mwenye mizinga yake, na nusu ya mji hununua kwake. Akanitafutia mtu wa bodaboda na namba ya simu ya yule mama.

Ngaremara si mbali. Ni safari fupi ya kwenda kaskazini kwa lami, na mimi nilikuwa nimekaa Isiolo miaka tisa bila kushuka hapo hata mara moja. Nilikuwa nikipita tu nikienda Archer's, mji unaofuata, madirisha yakiwa yamefungwa kwa ajili ya vumbi. Mama huyo alikuwa ameketi kando ya barabara na mkaa wake na mitungi miwili.

"Unataka ya kula ama ya dawa?" akaniuliza.

"Ya kuoa."

"Hiyo ni ya kula," akasema, akanipa mtungi wa lita tano.

Ulikuwa mtungi wa mafuta ya kupikia uliotumika. Karatasi yake ilikuwa bado imeshika upande mmoja, na macho yangu, kwa mazoea mabaya, yakaenda penyewe kwenye mistari. 955. Malaysia. Nikamwomba chombo kingine, chochote, hata sufuria. Akaniambia mtungi wa pili ni mdogo na wa kwake wa maji. Nikamweleza taabu yangu yote, namba, mzee, kakao. Alisikiliza hadi mwisho.

"Sasa huyo mzee atakula karatasi?" akauliza.

Njia nzima nikiwa nyuma ya pikipiki niliikwangua ile karatasi kwa kucha. Bahati yangu ilivyo, picha ya mnazi ilitoka, jina la mafuta likatoka, na vikabaki vitu viwili tu: mistari yenye 955, na neno Malaysia.

Nilipoingia, wazee wa Maua walikuwa tayari wameshika kofia zao. Mzee akaupokea mtungi. Akavaa miwani.

"Sasa tumefika Malaysia," akasema.

Safari hii sikusimama wala sikutoa hotuba. "Karatasi ni ya mafuta, baba," nikasema. "Asali haina karatasi. Imetoka kwa mama mmoja hapo Ngaremara. Hii ndiyo simu yake."

Akafungua kifuniko. Ndani kulikuwa na vipande vya nta, na nyuki mmoja mzima, amekufa, miguu juu. Akanusa. Akampa kaka yake anuse. Kisha akapiga ile namba na kuweka simu mezani ili wote tusikie.

Yule mama hakushangaa kuulizwa. Alisema ametoa asali hiyo juzi kutoka mizinga mitatu, kwenye migunga iliyo kando ya lugga, ule mto mkavu, nyuma ya boma lake, na mmoja wa mizinga hiyo nyuki wake ni wakali, mtu asiende bila moshi. Mzee akauliza maswali mengine mawili, yule mama akayajibu. Mwishoni akasema kwa sauti kubwa, "Na huyo mtu wa namba arudishe mtungi yangu."

Mzee alikunja miwani. "Huyu nimempata, na nyuki wake najua wanalala wapi," akasema. Kofia zikawekwa chini, mazungumzo yakaanza, na ndugu yangu akaomba chapati, ya kwanza tangu jana.

Jioni yote nilisema ya mahari tu. Niliona haya, na si kwa sababu ya kuchekwa, maana hilo nilistahili. Niliona haya kwamba ningeweza kukutajia namba ya Uturuki usingizini, na mtu anayelisha nusu ya mji wangu nilikuwa nimempita miaka tisa bila kumsalimu.

Jumatatu niliuosha mtungi, nikaurudisha mwenyewe. Alinikuta nikitafuta pa kuuweka, akaniuliza arusi itakuwa lini, kisha akauliza, "Na wewe ni wa wapi?"

Nikaanza kumweleza kuhusu Meru, kijiji alichozaliwa babu, mto ulio karibu, mpaka akaniinulia mkono.

"Sijauliza ulizaliwa wapi," akasema. "Nauliza unakaa wapi. Nikipata asali ingine nilete."

Nikamwelekeza dukani, taratibu, kona kwa kona.