Baba Aliniomba Nimwongezee Upana

Baba yangu alikuwa na miaka sitini na nane alipoanza kupiga watu risasi kwenye kompyuta yangu. Mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa, mkulima wa maharage kule Endagikot! Kila Jumamosi saa nane mchana alishuka kwenye bodaboda mbele ya chumba changu cha kuchapia barua, karibu na soko la Mbulu, akavua kofia na kukaa kwenye ile mashine moja niliyokuwa nakodisha kwa wacheza gemu. Sababu yake ilikuwa mdogo wangu wa kiume. Alikuwa Dar mwaka wa nne bila kukanyaga nyumbani, na simu zake na baba zilikuwa salamu, kimya, kwaheri. Kwenye gemu lakini alikuwa anaongea. Baba alinikuta siku moja nacheza naye, akamsikia anavyocheka, akaniambia, "Nifundishe hiyo."

Walicheza timu moja. Gemu lenyewe ni la kasi, ukisimama umekufa, na mdogo wangu hakuweza kuanza kucheza na baba yake bila kumwamkia. "Shikamoo baba." Baba naye aliachia kipanya, akaiweka sawa maiki ya hedifoni, akaitikia kwa utulivu, "Marahaba mwanangu, hamjambo huko? Mvua zimenyesha?" Kabla ya mvua kujibiwa wote wawili walikuwa wamelala chini. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Nikawaambia waamkiane kabla ya mechi, wakakataa, eti huwezi kumwamkia mtu ambaye bado hujamwona.

Shida ikawa kichefuchefu. Dakika kumi tu na baba alikuwa anatoka jasho la baridi. Mara ya kwanza alisingizia maziwa ya asubuhi. Mara ya tatu alitoka uani akatapika, akarudi anajifuta mdomo kwa leso, na kwenye spika nikamsikia mdogo wangu kule Dar anasema kwa sauti ndogo, "Dada, kama hataki kucheza na mimi aseme tu." Iliniuma sana. Nikaapa kwamba mzee wangu atamaliza saa nzima na mtoto wake, hata kama nitakesha kwenye menyu ya setingi za gemu.

Nilianza na ule ukungu wa mwendo, motion blur. Ukigeuka haraka, gemu linaipaka picha makusudi ionekane ina kasi, kama rangi mbichi iliyopitiwa na kiganja. Kwa gemu ambalo unageuka kila sekunde, jicho halipati pa kushika. Nikazima. Chini yake kulikuwa na film grain, nayo ilikuwa juu kabisa. Baba akasoma kwa Kiingereza chake cha darasani, akasema, "Grain ni nafaka. Hiyo iache." Nikamweleza kwamba ni chengachenga zinazomwagwa juu ya picha ili ifanane na filamu za zamani. Akanitazama. "Yaani wamepata picha safi, wakaitia mchanga kwa hiari yao?" Nikazima, na adui aliyekuwa amejificha kwenye kivuli akaonekana mpaka vifungo vya shati.

Ikabaki field of view, upana wa kuona. Ilikuwa nyuzi sabini. Kwa mtu aliyekaa mbali na televisheni si mbaya, lakini baba alikaa karibu na skrini, na kwa karibu namna ile sabini ni kama kuchungulia kwenye bomba huku mtu anakuzungusha kichwa. Nikasogeza kitelezi chake hadi tisini. Mashine ikaanza kukwama kidogo kwa sababu sasa ilikuwa na vitu vingi zaidi vya kuchora, nikapunguza vivuli, ikatulia. Jumamosi hiyo baba alicheza saa nzima na robo. Hakutapika. Mdogo wangu alimsimulia kazi yake, chumba alichopanga, binti aliyekuwa anamfikiria, mambo ambayo mimi mwenyewe nilikuwa siyajui. Nilijiona fundi kweli kweli!

Wiki chache baadaye baba akaniambia, "Niongezee upana. Wananipiga kutoka pembeni." Nikampa mia. Akashukuru. Baadaye tena, "Bado, hasa kushoto." Mia na kumi. Nilimtania kwamba ana uchu wa upana kama mtu anayesogeza mpaka wa shamba usiku. Akacheka. "Wewe unanibania tu."

Nilimfikisha mia na ishirini. Hapo picha inaharibika: vya katikati vinakuwa vidogo na kusukumwa mbali, vya pembeni vinavutika na kupinda, na ukigeuka kuta zinakimbia ovyo. Kichefuchefu kikarudi. Mimi nikamkasirikia. Nilimwambia, tena kwa ukali, mimi huyu, kwamba adui yuko pale pale kwenye skrini, mkubwa kama jogoo, anachotakiwa ni kutazama tu. Kisha akasema kwa upole, "Huo ukungu wa pembeni hujauzima vizuri. Angalia tena."

Nikafungua menyu. Ulikuwa umezimwa. Ulikuwa umezimwa tangu siku ya kwanza.

Sijui kwa nini nilifanya nilichofanya. Nilisimama nyuma ya kiti chake, nikapeleka mkono wangu wa kushoto karibu na shavu lake la kushoto, nikachezesha vidole. Aliendelea kutazama mbele. Nikausogeza mkono mbele taratibu, na ulikuwa umekaribia kufika usawa wa pua alipouliza, "Unatafuta nini usoni kwangu?"

Tulipanda basi kwenda kliniki ya macho. Walimkalisha mbele ya bakuli kubwa jeupe, wakampa kitufe, wakamwambia atazame katikati na kubonyeza kila akiona nukta ya mwanga. Baba alikishika kwa furaha. "Hii kazi naijua," alimwambia mhudumu. Mimi nilisimama nyuma, nikaziona nukta zikiwaka juu, chini, kushoto, kushoto tena, na kidole chake kimetulia. Nilitaka kupiga kelele, baba, bonyeza! Hairuhusiwi, na isingesaidia chochote.

Daktari alisema ni presha ya macho. Haiumi, inakula taratibu kuanzia pembeni. Alituonyesha karatasi iliyopigwa weusi kila upande, akasema matone yatajaribu kulinda kilichobaki, ila kilichokwenda hakirudi. Aliuliza kama mzee aliwahi kulalamika kwamba haoni pembeni. Baba akawahi kujibu, "Hapana." Mimi nilikuwa nahesabu Jumamosi moyoni. Ilikuwa miezi saba. Miezi saba baba yangu ananiambia anapofuka, mimi namsogezea kitelezi.

Njiani kurudi alisema neno moja tu. Mdogo wangu asiambiwe, asije akarudi nyumbani kwa kumhurumia.

Jumamosi iliyofuata nilirudisha tisini, nikamwekea matone, nikakaa kushoto kwake. Wakaamkiana, wakafa, wakaanza upya. Nikawa namnong'oneza, "Kushoto, baba," naye anageuka, na kila mara nilikuwa nimechelewa. Kwenye spika mdogo wangu akacheka kule Dar. "Baba, mbona leo unapigwa hivyo? Dada amekuharibia setingi nini?"

Baba akapapasa upande wangu mpaka akaupata mkono wangu, akaushika.

"Ndiyo," akasema. "Ni dada yako."

Hakuwa amedanganya sana.